Kichujio kilichowashwa bila kubadilisha kitu: rangi, manukuu na mkono mmoja kwenye gemu ya simu

Kazi yangu ni ile sehemu ya gemu ambayo mchezaji anaiona na kuigusa: rangi, vitufe, maandishi, mahali kila kitu kinapokaa kwenye skrini. Leo nataka kueleza gemu moja tu, ya kupanga vito. Uwanja wake una safu 7 kwenda upande na 8 kwenda chini, na vito vya rangi sita. Unabadilishana viwili vilivyo jirani, vitatu vya rangi moja vikikutana vinapasuka. Ni gemu nyepesi, na ndiyo maana makosa yetu yalionekana wazi.

Toleo la kwanza lilikuwa na vito vyote vya umbo moja, tofauti ikiwa rangi peke yake. Tulijua kuna watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, kwa hiyo tukaweka kwenye mipangilio chaguo la "Upofu wa rangi" lenye vichujio vitatu. Tulikiwasha kila kimoja, rangi zikabadilika mbele ya macho yetu, tukaridhika. Kisha tukampa simu mchezaji mmoja wa majaribio mwenye deuteranopia. Aliwasha, akatazama. Akazima, akawasha tena. Akaniambia, "Kaka, nimewasha, lakini sioni kilichobadilika."

Alikuwa sahihi, na sababu yake ndiyo jambo ambalo nimeona wengi wakilikosea. Jicho hutofautisha rangi kwa aina tatu za seli zinazoitwa koni. Kwa mwenye deuteranopia, koni zinazohisi zaidi mwanga wa kijani hazipo au hazifanyi kazi. Kwa mwenye protanopia ni zile za nyekundu, na kwake nyekundu hufifia hadi kukaribia weusi. Tritanopia, inayogusa buluu, ni nadra. Wengi zaidi wana hali ya kati: koni zote tatu zipo, ila aina moja inahisi mwanga tofauti na kawaida. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, upungufu wa nyekundu na kijani huwapata takriban wanaume 1 kati ya 12 na wanawake 1 kati ya 200.

Kichujio tulichokuwa tumekichukua kilikuwa cha kuiga. Kazi yake ni kumwonyesha mtu mwenye macho ya kawaida jinsi mwenye deuteranopia anavyoona. Kwa hiyo kiliondoa tofauti ya nyekundu na kijani, tofauti ambayo yule bwana hakuwa nayo tangu mwanzo. Kwake picha ilibaki ileile. Kwa mwenye hali ya kati ingekuwa mbaya zaidi, maana kile kidogo alichokuwa anakiona tungekuwa tumemnyang'anya. Sisi tuliona rangi zinabadilika tukadhani kinasaidia. Ukitaka kujua kama kichujio chako ni cha kuiga au cha kurekebisha, angalia vito vyekundu na vya kijani kikiwa kimewashwa: vikizidi kufanana machoni pako, umebeba kile kisichofaa kwa mchezaji.

Kichujio cha kurekebisha kipo, na tulikijaribu. Kinachukua tofauti ya nyekundu na kijani na kuihamishia kwenye buluu na mwangaza. Kwa ramani au kwa picha yenye rangi mbili tatu kinasaidia. Kwa vito sita kilitatua jozi moja kikaharibu nyingine: nyekundu ikasogea hadi ikawa jirani ya zambarau. Isitoshe kilipaka skrini nzima, hata nyuso za wahusika.

Jibu lilitoka kwa yule bwana mwenyewe. Nilimuuliza amefikaje hatua ya kumi na mbili kama hatofautishi vito viwili. Alinisogezea simu usoni na kunionyesha ule mng'ao mdogo mweupe ambao mchoraji wetu aliuweka juu ya kila kito. Kwenye vya kijani ulikuwa umepinda kushoto, kwenye vyekundu umenyooka. Mchoraji hakukusudia lolote, mkono wake tu ulipita hivyo. Yule bwana alikuwa anacheza gemu nzima kwa kusoma alama ya milimita moja.

Kwa hiyo tuliacha vichujio, tukavipa vito maumbo. Duara, mraba, pembetatu, msalaba, pembesita, nyota. Tofauti iko kwenye ukingo wa nje wa kito, kwa sababu alama iliyochorwa ndani hupotea kito kikiwa kidogo na kidole kikiwa kinapita juu yake. Maumbo haya si chaguo la kuwasha: yapo kwa kila mchezaji tangu hatua ya kwanza. Kilichobaki kwenye mipangilio ni seti mbili za rangi, mchezaji achague inayompendeza macho.

Kuna atakayesema rangi zikipangwa kwa mwangaza tofauti zinatosha. Tupige hesabu. Mwangaza wa rangi na uwiano wa rangi mbili hupatikana hivi, ambapo `R`, `G` na `B` ni kati ya 0 na 1 baada ya kuondolewa usimbaji wa sRGB, yaani namna skrini inavyohifadhi rangi, na `L1` ni ya rangi yenye mwangaza zaidi:

```
L = 0.2126*R + 0.7152*G + 0.0722*B
uwiano = (L1 + 0.05) / (L2 + 0.05)
```

Nyekundu yetu ilikuwa `#E53935` na kijani `#43A047`. Ya kwanza inatoa L ya karibu 0.20, ya pili 0.27. Uwiano wake ni takriban 1.3 kwa 1. WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unataka angalau 3 kwa 1 kwa michoro inayobeba maana, ikilinganishwa na kilicho kando yake. Ukiondoa rangi, vito vyetu viwili vilikuwa kitu kimoja. Buluu `#0072B2` na njano `#F0E442` zinatoa takriban 3.9 kwa 1, hizo zinaachana vizuri. Lakini kutoka nyeusi kabisa hadi nyeupe kabisa ni 21 kwa 1 tu. Ukipanda ngazi za mara tatu unapata 1, 3, 9, na inayofuata ni 27, imeshapita dari. Yaani rangi tatu ndizo zinazoweza kuachana zote kwa 3 kwa 1 kwa mwangaza peke yake. Sisi tulikuwa na sita. Bila umbo hesabu haikubali, hata uwe na mchoraji hodari namna gani.

Kujaribu hili hakuhitaji kifaa chochote. Kwenye simu ya Android, ndani ya mipangilio ya wasanidi programu, kuna `Simulate color space`, chagua `Monochromacy`. Kwenye iPhone, fungua `Color Filters` kisha `Grayscale`. Cheza hatua nzima ikiwa kijivu. Mahali utakaposita ndipo pa kurekebisha.

Baada ya hapo tulizima sauti tukacheza tena, na tatizo la pili likajitokeza. Gemu ina bomu linaloanza kugonga haraka linapokaribia kulipuka. Mlio huo ndio uliokuwa onyo pekee. Asiyesikia, au aliyezima sauti kwa sababu mtoto amelala, alilipukiwa bila kujua kosa lake. Manukuu yetu yalikuwa yanaandika maneno ya mhusika tu. Sasa yanaandika pia sauti yenye maana, kwa mabano: [bomu linagonga kwa kasi], na kito chenyewe kina tarakimu inayoshuka.

Kwenye maandishi yenyewe nasimama kwa mambo machache. Mistari isizidi miwili. Netflix huweka ukomo wa herufi 42 kwa mstari, lakini kwenye simu iliyoshikwa wima mimi huishia karibu 32, vinginevyo herufi zinakuwa ndogo mno. Nyuma ya maandishi pakae kisanduku cheusi, maana vito vinavyopasuka humeza herufi nyeupe. Jina la anayesema liandikwe, lisionyeshwe kwa rangi pekee, maana hapo tungekuwa tumerudi tulikotoka. Na muda wa kukaa kwenye skrini tunaupima kwa herufi. BBC hutumia kipimo cha maneno 160 hadi 180 kwa dakika, lakini hicho ni cha Kiingereza. Kiswahili neno moja kama "tutakapowaonyesha" limebeba sentensi nzima, ukihesabu maneno manukuu yatapita kabla msomaji hajamaliza. Pia tuliyawasha tangu mwanzo. Kampuni ya gemu ya Ubisoft ilieleza mwaka 2019 kwamba kwenye Assassin's Creed Origins, ambako manukuu yalikuwa yamezimwa, takriban asilimia 60 ya wachezaji waliyawasha wenyewe. Kwenye Odyssey, gemu iliyofuata ya mfululizo huohuo, yalikuja yamewashwa na asilimia 95 hawakuyazima.

Kisha mkono mmoja, ambao ndio uliotuvurugia yote mawili yaliyotangulia. Mtafiti Steven Hoober alichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa watu 1,333 wakitumia simu, akakuta asilimia 49 ya waliokuwa wakigusa skrini wameishika kwa mkono mmoja. Wengine wana mkono mmoja tu unaofanya kazi, na hao hawana wa kubadilisha wakichoka. Kidole gumba hufika kwa urahisi sehemu ya chini na ya katikati. Kona ya juu iliyo upande wa pili ni mateso.

Wazo letu la kwanza lilikuwa kupunguza uwanja na kuusukuma kwenye kona ya kidole. Skrini ya upana wa 360 dp, kipimo cha Android kisichotegemea wingi wa pikseli, ukiigawa kwa safu 7, kila kito kinapata karibu 51 dp, na Android inashauri sehemu ya kugusa isipungue 48. Tulipopunguza uwanja hadi robo tatu, kito kilibaki na kama 39. Watu wakagusa cha jirani, na maumbo tuliyoyahangaikia yakawa hayasomeki. Tukaacha ukubwa vilevile, tukashusha uwanja hadi chini, alama na muda vikapanda juu maana vinatazamwa tu. Kutelezesha kidole kukawa si lazima: unagusa kito cha kwanza, kinang'aa, unagusa cha pili, vinabadilishana.

Uwanja uliposhuka, ulikalia mahali pa manukuu. Na hata kabla ya hapo kidole gumba kilikuwa kinayafunika kila mhusika anapoongea, ila hatukuwa tumeliona kwa sababu tulijaribu simu ikiwa mezani. Manukuu yakahamia kati ya alama na uwanja.

Mpangilio wa mkono wa kushoto ulitupa kosa la mwisho. Tulipogeuza skrini, picha za vitufe zilihama lakini maeneo ya kugusa yakabaki kulia; ukigusa kitufe cha kusitisha gemu, hakuna kinachotokea. Baadhi ya vitufe pia viliangukia ukingoni kabisa, ambako Android hutafsiri kutelezesha kama kurudi nyuma, mchezaji akajikuta nje ya hatua. Sasa hatuweki kitu cha kugusa ndani ya 24 dp kutoka ukingoni.

Kinachobaki kwenye meza yangu ni wale wanaocheza simu ikiwa imelala mezani, kwa kidole kimoja kinachotetemeka. Mpangilio wa mkono mmoja haukuwasaidia chochote. Mmoja wao aliniambia kidole chake kikifika, kito kimeshahama. Kwake ukubwa na mahali si tatizo, tatizo ni saa. Kwa hiyo wiki hii ninatenganisha muda na hatua, ili anayetaka acheze kwa idadi ya mizunguko bila saa kabisa, na bomu lihesabu mizunguko hiyohiyo.