Miji mikuu mitatu ya Afrika Kusini: upi ndio mkuu?

Je, kwa nini Afrika Kusini ina miji mikuu mitatu, na ukiulizwa mji mkuu wake utaje upi?

Tafuta katika katiba yao kifungu kinachosema "mji mkuu wa Afrika Kusini ni..." Hukipati. Kilichopo, katika kifungu cha 42, ni kwamba makao ya Bunge ni Cape Town, na kwamba Bunge lenyewe linaweza kutunga sheria ya kuyahamishia kwingine. Mji kuwa "mkuu" hakutajwi. Kinachotajwa ni mhimili fulani wa dola na mahali unapokaa. Ile "mitatu" tuliyokaririshwa shuleni, Pretoria, Cape Town na Bloemfontein, ni hesabu yetu sisi tunaotazama kutoka nje.

Mambo yalianzia kwenye mkutano ulioanza mjini Durban Oktoba 1908. Vita vya Waingereza na Makaburu vilikuwa vimekwisha mwaka 1902, na makoloni manne yalikuwa yanajadili kuungana kuwa nchi moja: Cape, Natal, Transvaal na Orange. Kila moja lilikuwa na mji wake mkuu, wenye bunge, maofisa, na wafanyabiashara waliowategemea maofisa hao. Wajumbe waliafikiana kuhusu mambo mazito kuliko hili, lakini lilipofika swali la serikali mpya ikae wapi, kila mmoja akavutia kwake. Cape lilikuwa koloni kongwe. Transvaal lilikuwa na dhahabu, na hivyo fedha. Pretoria na Bloemfontein zilikuwa juzi tu miji mikuu ya jamhuri huru za Makaburu, zikashindwa vitani. Kuzinyang'anya hata hadhi hiyo kungekuwa kutonesha kidonda kibichi.

Wakagawana kama watu wagawanavyo ng'ombe wa mahari. Sheria ya Muungano ya mwaka 1909 ikaipa Pretoria makao ya serikali, Cape Town makao ya Bunge, na Bloemfontein kitengo cha rufani cha Mahakama Kuu. Pietermaritzburg, mji mkuu wa Natal, haukupata mhimili wowote. Ulipozwa kwa fidia ya fedha. Mwenye kusoma habari hii akitafuta hekima ya kutenganisha madaraka kwa umbali wa kilomita hataiona. Yalikuwa mapatano ya kumridhisha kila mtu ili muungano usivunjike kabla haujazaliwa.

Utendaji wake uko hivi. Wizara ziko Pretoria, na ofisi za rais ziko huko pia, kwenye majengo ya mawe yanayoitwa Union Buildings, juu ya kilima. Bunge liko Cape Town, kiasi cha kilomita 1,450 kwa barabara. Chukua muswada wa afya. Wataalamu wanauandika Pretoria, Baraza la Mawaziri linaupitisha, kisha unapelekwa Cape Town. Kamati ya Bunge ikitaka maelezo, waziri, katibu wake na wataalamu wanapanda ndege, saa mbili hivi angani, kujibu maswali ambayo huenda yakaisha kabla ya chakula cha mchana. Tangu mwaka 2020 vikao vingi vya kamati vimekuwa vikifanyika kwa njia ya mtandao, na safari zimepungua, ila hazijakoma. Waziri ana nyumba ya serikali Pretoria na nyingine Cape Town, na ofisi vivyo hivyo. Rais naye ana ofisi ya pili, Tuynhuys, jirani na Bunge.

Februari 2016 Rais Jacob Zuma, akilihutubia Bunge, aliliomba liutazame mzigo huu wa gharama. Kilichonivutia mimi ni maneno yake: alizungumzia gharama ya kutunza miji mikuu miwili, Pretoria na Cape Town. Bloemfontein hakuitaja kabisa.

Kuiacha nje kuna maana. Chini ya sheria ya 1909 mahakama ya Bloemfontein ndiyo iliyokuwa ya juu kabisa ndani ya nchi, ingawa hata hapo sheria iliiruhusu ikasikilize kesi mahali pengine kwa ajili ya kuwarahisishia wadai. Ubaguzi wa rangi ulipoondolewa, iliundwa Mahakama ya Katiba, na katiba ya mpito ikasema wazi kwamba makao yake ni Johannesburg. Jengo lake, lililofunguliwa mwaka 2004, limesimama kwenye gereza la zamani walimowahi kufungwa Gandhi na Mandela, na sehemu ya matofali yake yalitoka kwenye jengo la mahabusu lililobomolewa. Kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2013, mahakama hiyo ndiyo ya mwisho katika mambo yote, si ya katiba peke yake. Kwa hiyo kesi inayofika kikomo leo inaweza kupita Bloemfontein kwenye Mahakama ya Rufani, halafu ikamalizikia Johannesburg, mji ambao hakuna kitabu cha shule kinachouita mji mkuu wa chochote. Ukifuata kanuni ya "mhimili mmoja, mji mmoja" kwa uaminifu, hesabu inakukatalia.

Basi neno lenyewe linabeba mambo mangapi? Wadachi wanatuonyesha kwamba linaweza kubeba jina tu. Katiba yao inaiita Amsterdam mji mkuu inapoeleza mahali ambapo mfalme huapishwa, lakini serikali, Bunge, Mahakama ya Juu na balozi za kigeni ziko The Hague. Wakenya waliofuatilia kesi za ICC wanaujua mji huo kuliko Amsterdam, na sidhani kama wana kosa. Bolivia ni kinyume cha utulivu huo. Katiba yake ya mwaka 2009 inasema mji mkuu ni Sucre, na Mahakama Kuu iko huko. Rais na Bunge wako La Paz tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1898 na 1899, ambavyo La Paz ilishinda. Sucre ilibaki na cheo na majaji, mshindi akachukua dola.

Sisi wa Tanzania tumelionja hili bila kulipa jina. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulitolewa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi wabunge walikuwa wakikutana Dodoma huku mawaziri na wizara zao wakikaa Dar es Salaam, na msafara wa magari ya serikali kupitia Morogoro ukawa sehemu ya msimu wa bajeti. Kuhama kwenyewe kulishika kasi mwaka 2016, na sheria ya kuitangaza Dodoma ikapitishwa 2018. Katika miaka hiyo yote tulikuwa na msemo uliofaa zaidi kuliko "mji mkuu": "makao makuu". Makao ni mahali mtu anapokaa, na anaweza kukaa pawili.

Afrika Kusini ilijaribiwa kuhusu neno hilo Januari 2022, moto ulipoteketeza ukumbi wa Bunge. Katiba inaruhusu wabunge kukutana nje ya makao yao kwa sababu za usalama, urahisi au maslahi ya umma, kwa hiyo mlango wa kwenda Pretoria ulikuwa wazi. Hawakwenda. Mwezi uliofuata rais alitoa hotuba yake ya mwaka katika ukumbi wa jiji wa Cape Town, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka kwenye majivu.