Utosi umelala, panja zimesimama: kuzirudisha nywele za singa na za mawimbi asubuhi bila kuziosha

Mtu mwenye nywele za singa akiamka na utosi umelala bapa, mkono wake unakimbilia kitana. Anachana, anachana tena, na kila akichana nywele zinazidi kushikana na ngozi. Sababu ni kwamba kitana kinachukua mafuta yaliyo kichwani na kuyasambaza kwenye mashina, na shina lenye mafuta ni zito. Kwa nywele za singa mafuta hayo hayakutani na kona yoyote njiani, kwa hiyo yanateremka haraka kuliko kwenye nywele za kipilipili. Kitana kisubiri kwanza.

Tuangalie kilichotokea usiku. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na ndani yake kuna viungo vidogo vya haidrojeni vinavyoshikilia umbo. Viungo hivyo huachia unywele ukiloa au ukipata joto, na hushikana upya unapokauka na kupoa. Umbo lolote ambalo unywele unalo wakati huo wa kukauka ndilo linalobaki. Sasa fikiria usiku wa Kisumu: hewa ya ziwani ina unyevu, kisogo kinatoka jasho, mto unakandamiza upande mmoja, na kuelekea alfajiri jasho linakauka. Nywele zimetengenezwa upya usiku kucha, ila fundi alikuwa mto. Nakuru kuna baridi zaidi na jasho ni kidogo, kwa hiyo huko tatizo kubwa huwa ni lile la wanaolala na nywele mbichi baada ya kuoga jioni.

Ndiyo maana dawa ya kwanza ni maji kidogo, na yanawekwa kwenye shina, si kwenye ncha. Kunja la shati la pamba halitoki kwa kulipapasa likiwa kavu. Unalinyunyizia maji, unalinyoosha, unalikausha likiwa limenyooka. Wengi hunyunyiza maji juu juu kwenye urefu wa nywele, halafu wanashangaa kwa nini utosi haukuinuka. Nywele zinalala kwa sababu shina limelala. Sentimita 3 au 4 za kwanza kutoka kichwani ndizo zinazoamua kila kitu.

Tuchukue mfano mmoja tuufanye hadi mwisho. Nywele za singa zinazofika mabegani, zimeoshwa siku mbili zilizopita, mwenyewe amelala kwa ubavu wa kulia. Kwenye kioo anaona mambo matatu: utosi ni bapa, upande wa kulia una mkunjo juu ya sikio, na nywele za kipajini zimesimama. Ana draya, brashi ya duara, chupa ya kupulizia inayotoa ukungu mwembamba, na dakika 12 hivi.

Kabla ya maji, apime mafuta. Achukue karatasi ya tishu, aikandamize kwenye njia ya nywele pale utosini, ahesabu hadi kumi. Tishu ikitoka na doa linalopitisha mwanga, mafuta yapo na atahitaji poda mwishoni. Ikitoka kavu, maji na draya vinatosha, na poda ingeziongezea nywele ukavu bure.

Aanze na kipaji. Nywele za hapo ni fupi na nyepesi, hukauka zenyewe haraka, na zikikauka kabla hujazifikia zinashika umbo baya tena. Anyunyize mara mbili au tatu kutoka umbali wa sentimita 20, asugue mashina kwa ncha za vidole hadi yapoteze mwelekeo yaliyokuwa nao. Draya iwe na ule mdomo mwembamba, joto la wastani, ielekezwe chini. Azichane zote kuelekea kushoto huku draya ikizifuata, zikiwa zimegusa paji la uso. Kisha zote kuelekea kulia. Kisha kushoto tena. Kwa dakika moja ya kwenda na kurudi hivyo, shina linakosa upande wa kuegemea, na nywele zinatulia katikati zenyewe. Anayezikausha kwa kuzivuta chini moja kwa moja kwa brashi ya duara huishia na duara gumu lililojikunja juu ya nyusi.

Kisha utosi. Anyunyize mara tatu au nne, asugue hadi maji yafike kwenye ngozi. Kipimo ni hiki: akibana mashina kwa vidole viwili yawe baridi na laini, lakini maji yasichuruzike. Maji yakichuruzika amezidisha, na dakika 12 zimeshakuwa 25. Atenge fungu la upana wa sentimita 3 hivi, aliinue lisimame wima na kuegemea mbele kidogo, yaani kinyume kabisa na upande litakaolala. Draya ikae sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye nywele, na upepo uelekee kutoka shinani kwenda nchani, kwa sababu magamba ya unywele yanaelekea huko. Upepo unaokwenda kinyume unayainua, na nywele zinatimka.

Sekunde 20 hivi za joto zinatosha kwa fungu moja, halafu inafuata hatua ambayo karibu kila mtu anairuka: asiliachie fungu. Abonyeze kitufe cha hewa baridi na aendelee kulishika juu kwa sekunde 10 au 15 zaidi. Fungu likiachiwa likiwa moto, viungo bado vimelegea, na uzito wa nywele unalirudisha chini. Mtu akilalamika kwamba nywele ziliinuka vizuri na zikaanguka kabla hajafika stejini, mara nyingi shida ni hapo. Draya isiyo na hewa baridi si kikwazo; avingirishe fungu kwenye rola ya kunata ya sentimita 4 au 5 likiwa bado na joto, aliache hapo anywe chai. Mafungu matatu yaliyopangwa kutoka kipajini hadi mwisho wa utosi yanatosha. Kisogoni chini hakuna haja ya kuinua kitu.

Mkunjo wa juu ya sikio ni kazi ndogo. Anyunyize penye mkunjo pekee na shina lililo juu yake, aweke brashi ya duara chini ya fungu, avute kwa kukaza kiasi huku draya ikifuata brashi, apoze. Kama mkunjo unakataa, ndipo pasi ya nywele inapoingia, na iingie kwenye nywele kavu kabisa. Nywele nyembamba zinatosheka na nyuzi 150, nene hazihitaji kupita 180, na pasi ipite mara moja. Ukisikia sauti ya kuchemka, ondoa pasi: maji yaliyo ndani ya unywele yanageuka mvuke na kuacha mapovu ndani yake, na unywele huo utakatika hapo baadaye. Ili kujua kama zimekauka kweli, ngoja joto liishe kisha uguse fungu kwa mdomo wa juu. Likiwa baridi kuliko nywele za pembeni, lina maji bado.

Poda huja mwisho, baada ya kila kitu kukauka. Ikitangulia, maji yatakayofuata yataigeuza uji, na uji huo ukikauka unaonekana kama mba. Shampuu kavu ya kopo itikiswe kwanza, ipulizwe kutoka sentimita 20 hadi 25 kwenye mashina, iachwe dakika mbili, kisha isuguliwe kwa vidole. Zile dakika mbili ni za wanga kunyonya mafuta. Ukichana papo hapo unaiondoa kabla haijafanya kazi. Asiye na kopo atumie wanga wa mahindi, ile konflawa ya supamaketi. Nusu kijiko cha chai inatosha utosi mzima, ikipakwa kwa brashi laini ya vipodozi. Kwa nywele nyeusi changanya vijiko viwili vya konflawa na kimoja cha kakao isiyo na sukari, vinginevyo utatoka na mvi za ghafla. Poda ya mtoto yenye talki siipendekezi. Inaacha weupe, na vumbi lake si la kuvuta puani.

Nywele za mawimbi zina utaratibu wake, na hapo draya na brashi vinaweza kuharibu. Ukizichana zikiwa kavu, mawimbi yanatawanyika na unabaki na wingu. Lowesha viganja, vipitishe juu ya sehemu zilizobonyea, kisha nyunyiza ukungu hadi ziwe na unyevu tu. Kama jana ulipaka jeli au povu la nywele, usiongeze lingine kwanza, kwa sababu nyingi za dawa hizo huyeyuka tena kwa maji na kushika upya. Finyanga nywele kutoka nchani kwenda juu kwa kiganja kilichofumbwa. Wimbi lililonyooka kabisa lizungushe kwenye kidole, libane kwa klipu karibu na kichwa hadi likauke. Mashina ya utosini yainue kwa klipu ndogo mbili au tatu. Halafu usiziguse. Mkono unaopita kwenye mawimbi yenye unyevu ndio unaoleta ile timutimu ya saa nne, na kwa unyevu wa hewa ya Kisumu timutimu haitulii yenyewe. Tone moja la serumu ya silikoni, lililosambazwa kwenye viganja vyote viwili na kupitishwa nchani pekee, husaidia. Likifika shinani umerudi kwenye utosi bapa.

Stima ikipotea, njia ni ileile bila draya. Lowesha mashina nusu ya kiasi nilichotaja, vingirisha rola za kunata utosini, ngoja dakika 20. Siku ya mvua ngoja zaidi.

Waliotia rilaksa wasome hapa kwa makini. Nywele zilizotiwa dawa hufuata utaratibu wa singa, lakini zile zilizoota baada ya dawa bado ni kipilipili na maji yatazikunja. Kama zimeota zaidi ya sentimita 1 hivi, usinyunyize shinani. Tumia joto la draya pekee kwenye nywele kavu, inua, poza. Walionyooshwa kwa pasi bila dawa wasiguse maji kabisa, wafanye kazi kwa rola na joto dogo. Wigi la nywele za binadamu linavumilia haya yote likiwa limevuliwa na kuwekwa kwenye kichwa cha sanamu, ila lile la plastiki usilisogezee pasi kabla ya kusoma lebo yake.

Poda siku ya pili, sawa. Siku ya tatu mfululizo inarundikana kwenye ngozi, kichwa kinawasha na mashina yanakuwa makavu lakini mazito. Na kama jana jioni ulikuwa jikoni ukikaanga samaki, hakuna konflawa itakayoondoa harufu ile, hizo zioshwe.