Slaidi za kusoma ni zipi, na zinatofautianaje na slaidi za kuzungumzia

Wakati mmoja niliandaa slaidi tisa kuhusu pampu za visima kwa ajili ya kikao cha kamati ya maji. Slaidi ya tatu ilikuwa na picha ya pampu iliyoota kutu na tarakimu moja kubwa: 11. Mle ukumbini ilifanya kazi yake vizuri, maana nilikuwa nimesimama pembeni nikieleza. Baada ya kikao katibu aliomba faili, akalisambaza kwa wajumbe ambao hawakuhudhuria. Jioni mmoja wao akanipigia simu: "Ndugu yangu, hizi kumi na moja ndizo zinazotoa maji au ndizo zilizokufa?"

Hapo ndipo penye tofauti. Slaidi za kuzungumzia zinatengenezwa kwa kutegemea kwamba kuna mtu atazisemea. Zikiachwa peke yake ni nusu ya habari, na hazina kosa kwa hilo. Slaidi za kusoma ni waraka kamili uliopangwa kwa kurasa za slaidi. Anayezisoma yuko peke yake, labda kwenye daladala, na hana wa kumuuliza.

Ili kuzitengeneza, jiulize kwanza msemaji huwa anafanya nini pale mbele. Anasema maana ya kila slaidi, anaonyesha kwa kidole mahali pa kuangalia kwenye grafu, anatoa mambo moja baada ya jingine kwa kubofya, na anajibu swali kabla halijageuka kuwa mashaka. Akiondoka, kazi zote hizo zinabaki bila mwenyewe, na ukurasa ndio unaopaswa kuzibeba.

Kazi ya kwanza inabebwa na kichwa cha slaidi. Kwenye slaidi za kuzungumzia kichwa kama "Hali ya pampu" kinatosha, au hata kisiwepo. Kwenye slaidi za kusoma kichwa kiwe sentensi nzima inayotoa hoja, maana wengi watasoma hicho tu na kupita. Kikipotosha, yaliyo chini yake hayamwokoi msomaji. Mfano wake mchungu ni wa chombo cha anga cha Columbia. Januari 2003, kikiwa bado angani, wahandisi wa Boeing walitoa tathmini yao kwa slaidi kuhusu kipande cha povu gumu kilichogonga bawa wakati wa kuruka. Kichwa cha slaidi moja kiliashiria kwamba makadirio ya kutobolewa kwa vigae vya kukinga joto yameegemea upande wa usalama. Mistari ya mwisho, kwa herufi ndogo, ndiyo iliyobeba jambo zito: kipande kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, ilhali vya majaribio vilikuwa na 3 tu. Yaani majaribio yenyewe hayakuhusu kitu cha ukubwa ule. Tarehe 1 Februari Columbia ilisambaratika ikirudi duniani na watu wote 7 wakafa. Bodi ya uchunguzi iliandika kwamba ni rahisi kuelewa jinsi kiongozi wa juu angeweza kuisoma slaidi hiyo asitambue kuwa inahusu hatari ya maisha.

Turudi kwenye pampu zangu. Nilipoiandika upya ile slaidi ya tatu, kichwa kikawa: "Pampu 11 kati ya 40 hazitoi maji; 8 kati ya hizo zinahitaji vipuri tu, kwa jumla ya Sh milioni 2.4." Chini yake niliweka grafu ya pau mbili tu, moja ya pampu nane na nyingine ya pampu tatu, na maneno nikayaandika palepale juu ya pau badala ya kumrudisha msomaji kwenye ufunguo wa rangi pembeni. Upau wa pampu nane: "mpira wa pistoni au mnyororo umekatika, takriban Sh 300,000 kila moja." Upau wa pampu tatu: "kisima kimekauka, vipuri havisaidii." Maneno hayo ndiyo kidole cha msemaji. Mwisho, kwa herufi ndogo kidogo, nikaandika tulihesabu lini, nani alihesabu, na kwamba "haitoi maji" ina maana siku saba mfululizo bila maji. Ukumbini hakuna aliyeniuliza hilo la siku saba. Msomaji wa peke yake huliuliza, na asipopata jibu anaanza kutilia shaka hata zile nane.

Ile picha ya kutu niliitoa. Niliipenda, lakini kwa msomaji ilikuwa inakula nafasi bure.

Mpangilio nao unageuka. Ukiwa unazungumza unaweza kuanza na kisa, ukapandisha hamu, ukatoa ombi lako mwishoni. Watu wamekaa, hawaendi popote. Msomaji anaweza kuishia slaidi ya pili. Kwa hiyo slaidi ya kwanza baada ya jalada iseme unataka aamue nini, kwa gharama gani, na kabla ya lini. Kisha kubofya: ukihifadhi faili kama PDF, vitu vilivyokuwa vikitokea kimoja kimoja vinatokea vyote kwa pamoja, na kilichowekwa juu ya kingine kinakifunika. Nimeshaona ramani nzima imefunikwa na kisanduku ambacho ukumbini kingeondoka kwa kubofya mara moja. Vitu vya namna hiyo vigawe kwenye slaidi mbili, au uvipe namba.

Kuhusu ukubwa wa herufi, ushauri wa kawaida ni kwamba ukumbini usishuke chini ya pointi 24 hivi, na za kusoma zinaweza kuwa 12 au 14. Ni kweli kwa kompyuta. Lakini huku kwetu faili linafika kwa WhatsApp na linasomwa kwenye simu. Slaidi ya kawaida ya PowerPoint ina upana wa karibu sentimita 34, na simu iliyosimama wima ina karibu 7. Slaidi inafinywa mara tano hivi, kwa hiyo herufi ya pointi 14 inaonekana kama ya pointi 3, na hapo hasomi mtu. Nikijua wasomaji watatumia simu, nasimamisha ukurasa wima kupitia `Design` > `Slide Size`, natumia pointi 18 au zaidi, na nakubali idadi ya slaidi iongezeke.

Kosa linalotokea sana ni kutaka faili moja lifanye kazi zote mbili. Ukiweka aya ukutani, watu wanasoma kwa kasi kuliko unavyosema, wanakuacha nyuma, na sauti yako inawasumbua tu. Kama huna muda wa kuandaa mafaili mawili, ipo njia ya katikati: acha slaidi ziwe nyepesi, maelezo yaandike kwa sentensi kamili kwenye sehemu ya `Notes`, kisha toa PDF kwa mpangilio wa `Notes Pages`. Kila ukurasa utakuwa na slaidi juu na maelezo chini. Maelezo ya kujikumbusha kama "simulia ya mama wa kisimani" hayatamsaidia mtu. Andika kisa chenyewe.

Kabla ya kutuma, soma vichwa peke yake kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Vikisomeka kama aya moja yenye mantiki, mpangilio umekaa sawa. Halafu mpe mtu asiyehusika, nyamaza, na umuulize tunaomba nini na kwa nini. Mimi nilimpa shemeji yangu. Slaidi ya tatu aliielewa mara moja, ila akaniuliza zile tatu zilizokauka zitafanywaje. Sikuwa nimeandika popote, ikabidi niongeze slaidi ya kumi.