Vijiti vimejaa, mbona intaneti inasuasua?

"Ruta yangu huku Kimbiji inaonyesha vijiti vyote, ila spidi inapanda na kushuka. Si nisogeze tu antena kwenye mnara wenye nguvu zaidi?"

Hapana, si lazima. Vijiti vinapima hasa nguvu ya mawimbi, havikuambii kama ni masafi. Fungua ukurasa wa ruta (nyingi ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1), tafuta RSRP na SINR. RSRP ni nguvu. SINR ni usafi, yaani mawimbi unayoyataka yamezidi kelele kwa kiasi gani.

Chukua nyumba iliyo katikati ya minara miwili. Antena ikiwa juu ya paa, RSRP ni -82 lakini SINR ni 2 tu, kwa sababu inasikia minara yote kwa masafa yaleyale. Ukiishusha upande wa pili, ukuta ukaziba mnara mmoja, RSRP inashuka hadi -95 huku SINR ikipanda hadi 14. Vijiti vimepungua, spidi imetulia. Hapo ndipo pa kuifunga.

Zungusha kidogo kidogo, usubiri dakika nzima kabla ya kusoma, maana SINR hurukaruka.

Kisha jaribu bendi mojamoja. B20 (800 MHz) hufika mbali, ila mara nyingi ni nyembamba, yaani hupitisha data kidogo. B3 (1800 MHz) huwa pana zaidi, kwa hiyo ichague kama SINR yake inaridhisha.

SINR ikiwa nzuri mchana na usiku, lakini spidi inaanguka saa mbili usiku tu, mnara umejaa watu. Antena haitatibu hilo.