Kadi Imeisha Muda, Laini Imebadilika: Pesa Yako Yarudi Wapi?

Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya tiketi hapa mjini Mombasa, na sehemu kubwa ya siku yangu ni kurudisha pesa za safari zilizovunjika. Wanaoingia wakiwa na wasiwasi mwingi ni wale ambao kadi waliyolipia wameshaikata kwa mkasi. Wamekuja na maelezo ya jirani, ya binamu, ya dereva wa tuktuk, na mengi si ya kweli.

"Kadi ikiisha muda, pesa haina pa kufikia."

Hii ndiyo naisikia kila wiki. Ukweli ni kwamba pesa haikai ndani ya kadi. Kadi ni nambari tu inayoionyesha benki akaunti yako ni ipi. Tukirudisha pesa, maagizo yetu hupita kwa benki inayotuhudumia sisi, kisha mtandao wa Visa au Mastercard, mpaka yafike kwa benki iliyokupa kadi. Huko kompyuta za benki huangalia ile nambari ndefu ya mbele na kutafuta akaunti iliyo nyuma yake. Tarehe ya mwisho huzuia usinunue kitu kipya, lakini haiizuii benki yako kupokea pesa inayokurudia.

Mara nyingi kadi mpya huja na nambari ileile, kilichobadilika ni tarehe na zile tarakimu 3 za nyuma. Linganisha tarakimu 4 za mwisho na zile zilizo kwenye risiti ya malipo. Zikilingana, kwa kawaida huna la kufanya ila kungoja. Zisipolingana, labda kwa sababu kadi ya zamani iliibwa au benki ilibadilisha aina ya kadi, benki bado ina kumbukumbu kwamba nambari ile ilikuwa yako. Tatizo ni kwamba mara nyingine kompyuta yao hushindwa kuziunganisha zenyewe, na pesa hukaa kwenye akaunti ya muda ya benki mpaka mtu aifuatilie.

Ndivyo ilivyomkuta mama mmoja wa Majengo. Februari 2025 alilipa shilingi 38,400 za tiketi nne za kwenda Lamu harusini, kwa kadi iliyoandikwa 03/25, yaani ilikuwa ifanye kazi mpaka siku ya mwisho ya Machi. Harusi ikasogezwa. Alipokuja kuvunja safari, alikuwa na kadi mpya yenye nambari nyingine kabisa. Tukarudisha pesa tarehe 10 Aprili, siku ya Alhamisi, tukamwambia angoje siku 10 za kazi. Baada ya wiki moja akaanza kupiga simu. Nikamhesabia: Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka si siku za kazi, kwa hiyo siku ya kumi ilikuwa tarehe 28.

Tarehe 28 ikafika, pesa hamna. Tawi la benki yake likamwambia, "Hatuoni kitu." Na kweli hawakuona, kwa sababu walikuwa wakitazama kadi mpya. Hapo ndipo ilipohitajika nambari ya ufuatiliaji, ile ambayo benki ya mfanyabiashara huipa kila rejesho la kadi. Ina tarakimu 23, na kwenye karatasi za benki huandikwa ARN. Tukaiomba, nikamwandikia kwenye karatasi pamoja na kiasi, tarehe tuliyotuma, na tarakimu 4 za mwisho za kadi ya zamani. Nikamwambia, "Mama, usiwaulize kama pesa imeingia. Waambie waitafute kwa nambari hii." Kesho yake alinipigia akicheka. Ilikuwa imekaa kwenye akaunti yao ya muda, ikisubiri mwenyewe.

Kama akaunti yenyewe ilifungwa, mambo ni tofauti. Baadhi ya benki humtafuta mteja wao wa zamani na kumpa pesa yake. Nyingine huikataa, nayo hurudi kwa benki ya muuzaji. Kwa hiyo muulize muuzaji mahsusi: je, rejesho langu limewarudia? Asikujibu tu kwamba "tulishatuma".

"Wanakataa kunitumia kwa M-PESA kwa sababu ya ukaidi tu."

Yule mama naye alitaka hivyo mwanzoni, tumtumie mwanawe pesa kwa simu yaishe. Kanuni za mitandao ya kadi zinamtaka muuzaji arudishe pesa kwenye kadi iliyolipia, maana mwizi wa kadi angeweza kununua tiketi kwa kadi ya mtu, avunje safari, kisha aombe noti safi kwenye simu yake. Kuna sababu nyingine inayotuuma sisi zaidi. Mteja akishapokea kwa simu, bado anaweza kwenda benki kulalamika kwamba hakurudishiwa, na benki itatukata mara ya pili.

Njia nyingine hufunguka pale rejesho la kadi linapokuwa limegonga mwamba na ushahidi upo. Hapo tunaomba barua ya benki inayosema akaunti imefungwa, kitambulisho, na sahihi ya mteja kwamba amepokea. Hatuombi tarakimu za nyuma ya kadi mpya wala namba ya siri. Akikupigia mtu akisema anazihitaji ili "aelekeze rejesho", kata simu.

Na usilale. Haki ya kulalamika benki kuhusu malipo ya kadi ina muda wake, mara nyingi siku 120, kutegemea aina ya kesi. Nimemwona mtu aliyengoja miezi minane kwa adabu tu.

"Nimebadilisha laini, kwa hiyo M-PESA yangu ni mpya."

Hapa watu huchanganya mambo matatu. Ukipoteza simu na kupewa laini mpya yenye nambari ileile, pochi yako haijaguswa, na rejesho litaingia kama kawaida. Ukinunua nambari mpya, hiyo ni pochi nyingine. Na ukihama mtandao ukabaki na nambari yako, jambo linalowezekana Kenya tangu 2011, nambari huhama lakini pochi haikufuati. Hili la tatu ndilo linalozua kelele kaunta, kwa sababu mteja anaapa nambari ni ileile, na anasema kweli.

Muuzaji ana njia mbili. Anaweza kuugeuza muamala wa awali, na hapo pesa hurudi kwenye pochi ileile iliyolipa, hata kama huitumii tena. Au anaweza kufanya malipo mapya kwa nambari unayompa. Kwa hiyo mwambie umebadilisha nambari kabla hajabonyeza chochote. Siku hizi mfanyabiashara haoni nambari nzima ya aliyelipa kwa Lipa na M-PESA, kwa hiyo hawezi kukisia kwamba umehama. Kinachokutambulisha ni msimbo wa herufi na tarakimu 10 ulio mwanzo wa ujumbe wa malipo. Ukiwa umeshatupa simu ya zamani, msimbo huo unapatikana kwenye taarifa ya akaunti ya M-PESA, ikiwa tu laini ile bado ni yako.

Pia angalia salio. Pochi ya M-PESA haipokei zaidi ya shilingi 500,000 kwa jumla. Mfanyabiashara mmoja wa Kongowea alinitukana siku mbili akidhani namdanganya, kumbe pochi yake ilikuwa imejaa mauzo ya nazi na kila tulichotuma kilikuwa kinarudi kwetu.