Rangi kwenye ripoti ya akili unde: sentensi iliyopakwa haijakamatwa

Msimamizi mmoja wa wanafunzi wa uzamili alinijia ofisini na chapta ya tatu ya mwanafunzi wake, imechapwa kwa rangi, na sentensi moja ameizungushia wino mwekundu. Juu ya ukurasa, ripoti ya programu inayosaka maandishi ya akili unde na kuzipaka rangi sentensi inazozishuku ilisema asilimia 31. "Hii hapa," akaniambia, huku kidole kikiwa kwenye duara lake, "hii imeandikwa na mashine." Sentensi yenyewe ilieleza kwamba mahojiano na wanawake wauza samaki wa soko la Feri yalifanyika kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, kabla mnada haujapamba moto, na kwamba mawili yaliahirishwa kwa sababu ya mvua.

Wengi tumezoea ripoti ya kufanana, ile inayotafuta maandishi yaliyonakiliwa, na mazoea hayo ndiyo yanayotuponza. Kule ukibofya rangi inafunguka chanzo: makala fulani, tovuti fulani, tasnifu ya mwaka fulani. Unaweka maandishi mawili sambamba na kuamua kwa macho yako. Kwenye ripoti ya akili unde ukibofya rangi hakuna kinachofunguka, kwa kuwa nyuma yake hakuna waraka wowote. Kuna makadirio tu: programu imepima jinsi maneno yanavyofuatana, ikaona yanatabirika kama yanavyotabirika maandishi ya mashine.

Tena makadirio hayo hayafanywi sentensi kwa sentensi, ingawa rangi inaanza kwenye herufi kubwa na kuishia kwenye nukta. Chukua Turnitin, iliyoanza kutoa ripoti hii Aprili 2023. Kwa maelezo yake yenyewe, inaukata waraka katika vipande vya sentensi kama tano hadi kumi, na vipande hivyo vinapandana kama vigae vya paa. Kila kipande kinapewa alama kati ya 0 na 1. Sentensi moja hujikuta ndani ya vipande kadhaa, na hukumu yake inatokana na alama za vipande vyote ilimokaa.

Tuirudie sentensi ya Feri kwa hesabu ya mfano. Tuseme imeangukia vipande vinne, vyenye alama 0.92, 0.88, 0.81 na 0.35. Wastani wake ni 0.74, uko karibu zaidi na moja kuliko sifuri, basi inapakwa rangi. Ila zile alama tatu kubwa hazikutokana na samaki wala mvua. Zimetokana na majirani: "The study adopted a descriptive research design", "Purposive sampling was used to select respondents", na wenzao. Sentensi hizo zimo katika nusu ya tasnifu zilizoko maktabani kwetu, nyingine tangu enzi za mashine za chapa. Sentensi ya Feri imelowa maji ya jirani.

Turnitin walilikiri jambo hili mapema. Mwaka 2023 walieleza kwamba kwa sentensi mojamoja, uwezekano wa kuipaka rangi sentensi ya binadamu ni kama asilimia 4, na kwamba zaidi ya nusu ya sentensi zinazokosewa hivyo zimekaa ubavuni mwa maandishi ya mashine kweli. Ile ahadi yao maarufu ya kukosea chini ya asilimia 1 inahusu waraka mzima, tena uliofikisha asilimia 20 na kuendelea. Watu huichukua ahadi ya waraka wakaivisha sentensi. Kwa sababu ya wasiwasi huohuo, baadaye waliacha kuonyesha namba wala rangi pale matokeo yanapokuwa kati ya 1 na 19; inatokea nyota tu. Hivyo ukurasa usio na rangi nao haujatakaswa.

Na ile 31 je? Si uwezekano kwamba mwanafunzi amedanganya. Ni sehemu ya maandishi yaliyopimwa, na yanayopimwa ni ya nathari ndefu peke yake. Majedwali na orodha zenye vitone havihesabiwi. Tulihesabu kwa mkono. Chapta ilikuwa na sentensi 140, zilizopimika 96, zilizopakwa 30. Thelathini kwa 96 ni asilimia 31. Kwa chapta nzima ni 21. Msimamizi alikuwa ameshaandika kwenye barua yake kwamba "theluthi ya chapta" ni ya mashine. Alifuta.

Kisha tukafanya kazi ambayo ripoti haiwezi kuifanya: kuziangalia zile 30 kwa makundi, kila kundi mahali lilipokaa. Nane zilikuwa kwenye maadili ya utafiti: ridhaa, usiri, kibali. Mwanafunzi alipoitwa alisema, "Dokta, hizo si nimezitoa kwenye kiolezo mlichotupa?" Kweli, kiolezo kilikuwepo, na alikuwa amebadilisha jina la soko na idadi ya watu tu. Tisa zilikuwa za muundo na sampuli, ya Feri ikiwemo. Kwa hizo alileta daftari lake, kurasa zimeviringika kwa unyevu, tarehe zipo, na mahojiano mawili yamekatwa kwa mstari na kuandikwa "mvua" pembeni.

Hapa niongeze jambo linalotugusa sisi tunaoandika Kiingereza kikiwa lugha ya pili au ya tatu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 2023, walizipa programu saba za aina hii insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilihesabiwa kuwa za mashine. Insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani karibu zote zilipita salama. Mwenye msamiati mdogo anarudia njia zilezile zilizozoeleka, na njia iliyozoeleka ndiyo inayotabirika. Programu hizo zimebadilika tangu hapo, lakini kinachopimwa bado kinahusiana na utabirikaji.

Zilibaki sentensi 13, aya mbili zilizofuatana kuhusu sababu za kuchagua mbinu ya kitaamuli. Hapa hapakuwa na kiolezo wala daftari. Historia ya waraka ilionyesha aya zote mbili zimeingia kwa mkupuo mmoja, saa tano usiku. Hilo peke yake si ushahidi, maana wapo wanaoandika kwenye simu kisha wakahamishia kompyuta. Basi msimamizi, badala ya kumsomea ripoti, alimuuliza: kwa nini kitaamuli na si kitakwimu, na huyu unayemnukuu katika aya ya pili anasema nini hasa? La kwanza alilijibu vizuri. La pili alinyamaza, kisha akasema alikuwa ameandika nusu ukurasa wa Kiingereza kibovu na kuupitisha kwenye programu ya kuandika upya, ikamrudishia na nukuu ambayo yeye hakuwa nayo.

Mwanafunzi alitaka kujua kama abadilishe maneno kwenye zile zilizopakwa tu, ili rangi itoke. Nilimkataza, kwa sababu ya vile vipande vinavyopandana: ukigusa sentensi moja alama za majirani nazo zinasogea, na rangi inaweza kuhamia kwenye sentensi uliyoitolea jasho. Aliandika upya aya mbili, nukuu akaiondoa. Sentensi ya Feri imebaki kama ilivyokuwa.