Je, Athene kila mtu alipiga kura?

"Kwenye mtihani wa uraia, nikiandika kwamba Athene ya kale watu wote waliamua kila kitu, ila leo tunachagua wabunge, nitapata alama zote?"

Hapana, ingawa tumefundishwa hivyo miaka mingi. Wanawake, watumwa na wageni hawakuruhusiwa kupiga kura. Waliokusanyika kwenye kilima cha Pniksi walikuwa raia wanaume watu wazima, na tangu mwaka 451 KK ilibidi baba na mama wote wawe Waathene. Maamuzi kadhaa yalihitaji kura 6,000.

Wala mkutano haukujiendea tu. Ajenda iliandaliwa na Baraza la watu 500, yaani 50 kutoka kila kabila kati ya makabila 10, na hao walipatikana kwa kura ya bahati, kwa mwaka mmoja. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama. Kwa Waathene, bahati nasibu ndiyo iliyokuwa alama ya demokrasia. Aristotle aliona uchaguzi una sura ya utawala wa wachache, kwa kuwa hupendelea wenye jina na mali. Majenerali 10 tu, na maofisa wachache wa aina hiyo, ndio waliochaguliwa.

Kwa hiyo linganisha hivi: Athene raia wachache walipiga kura juu ya sheria yenyewe, kwa kunyoosha mikono, Tanzania leo kila raia mwenye miaka 18, mwanamke kwa mwanamume, humchagua mbunge, naye ndiye hupigia kura muswada bungeni.